Koti la viraka vya jinzi na kanga: mgongo umechanika kando ya mshono, nifanyeje?

DadaWaTabata

Nawasalimu wote. Naomba msaada wa wanaojua kushona nguo kuukuu, maana jambo hili limeniumiza.

Mwezi wa pili nilimshonea mdogo wangu koti la viraka. Mbele na mikononi ni jinzi mbili za mitumba, moja ya bluu iliyokolea na nyingine imepauka. Mgongoni, katikati, niliweka kanga ya marehemu mama. Ni sehemu ya mji, ule uwanja wa katikati ya kanga, pamoja na jina lake chini: WEMA HAUOZI. Kipande hicho kina upana wa sentimita 36 na urefu wa 30. Kulia na kushoto kimepakana na vipande vya jinzi nilivyovitoa kwenye miguu ya suruali, juu kuna kipande cha mabegani cha jinzi, na chini nimemalizia na mkanda wa kiuno wa suruali ileile.

Amelivaa miezi miwili. Jana kaniletea. Kando ya mshono wa kulia, upande wa kanga, pamechanika sentimita 9 kwenda chini. Mshono wenyewe mzima, uzi haujakatika hata mmoja. Kilichoachia ni kitambaa, kimefuata mstari wa sindano sawasawa, kama mtu anavyochana stempu.

Nilishona kwa hofu ya kuachia, kwa hiyo nilitumia sindano namba 18 kwa ajili ya jinzi, uzi mnene, mishono midogo ya milimita 2, na nikapita mara tatu. Sasa sielewi kwa nini bado kimechanika. Kanga hiyo ni moja tu, pea yake alizikwa nayo. Jina lisiguswe, hilo ndilo ombi langu kubwa.

Kadeti wa Manzese

Pole sana dada. Hapo dawa ni stifu ya gundi. Nunua ile ya kupiga pasi, bandika nyuma ya kanga nzima, halafu rudia mshono kwa uzi wa nailoni. Mimi kola za mashati naziwekea hiyo na hazichaniki. Na mishono ifanye ya karibu zaidi, kanga ni laini inahitaji kushikwa.

Fundi Saidi Tanga

Kaka Kadeti, naomba dada asipige pasi kitu chochote kwanza. Kuhusu kanga kuhitaji kitu cha kuishika nyuma uko sawa. Lakini mishono ya karibu zaidi ndiyo iliyotufikisha hapa.

Dada, nijibu maswali matatu kabla hatujagusa mkasi. Kwanza, shika kanga mbele ya dirisha mchana, uitazame kwa mwanga. Je, kuna sehemu zinazopitisha mwanga kuliko nyingine? Pili, tazama matundu ya sindano sehemu ambayo bado haijachanika. Ni ya duara, au yamevutika yakawa kama vijicho? Tatu, mdogo wako anafanya nini na mkono wa kulia akiwa amelivaa?

DadaWaTabata

Ahsante fundi. Nimetazama. Mwanga unapita zaidi upande wa kulia, kama upana wa kiganja kutoka kwenye mshono, kisha kanga inakuwa nzito tena. Mama alikuwa akijifunga, nadhani hapo ndipo kiunoni ilipokuwa ikisuguana.

Matundu yamevutika, na mshono wa kushoto pia hivyohivyo, ila kule hapajachanika bado.

Mkono wa kulia: anapanda daladala kila siku kwenda kazini, mara nyingi amesimama ameshika bomba la juu.

Fundi Saidi Tanga

Basi tumepata. Nitaeleza taratibu.

Nguo ikiachia kwenye mshono, huwa ni moja kati ya mambo matatu, na jeraha lenyewe linakuambia ni lipi. Ukikuta uzi umekatika na vitambaa vyote viwili ni vizima, uzi ulikuwa dhaifu. Ukikuta nyuzi za kitambaa zimechomoka pembeni, zimeteleza nje ya mshono kama ndevu, akiba, yaani kitambaa kinachoachwa nje ya mshono, ilikuwa nyembamba. Ukikuta uzi mzima na kitambaa kimekatika sambamba nao, kama chako, mshono ulikuwa na nguvu kuliko kitambaa. Kinachovutwa lazima kiachie mahali, na kitaachia palipo dhaifu.

Sasa fanya hesabu. Mshono wa milimita 2 ni matundu matano kila sentimita. Umepita mara tatu, ni matundu kumi na tano kila sentimita, ya sindano namba 18, kwenye kitambaa chepesi ambacho tayari kimechakaa. Jinzi inayavumilia, ina nyuzi nene zilizobanana. Kanga ni pamba nyepesi ya nyuzi chache, kila tundu kubwa linaweza kukata uzi mmoja au miwili. Umejitoboea mstari wa kuchania bila kukusudia.

Halafu njoo kwenye daladala. Mkono ukinyanyuka, kitambaa cha mgongo kinavutwa kuelekea kwapani. Kati ya mikono miwili, kilicho dhaifu ni kanga peke yake. Jinzi haijali, mzigo wote unamalizikia kwenye kanga, tena upande wa kulia uliokwisha sugulika.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Moja ni kuipa kanga mgongo wake wa kuiegemea. Ya pili ni kupunguza mvuto wenyewe, maana ukitengeneza kanga bila kugusa kwapa, baada ya miezi miwili utarudi hapa.

Mussa Cherehani

Samahani jamani, mimi nina tatizo kama hilo. Nikishona jinzi cherehani yangu inaruka mishono, hasa nikifika palipokunjwa. Nimebadilisha uzi mara mbili. Ni nguvu ya mkanda?

Fundi Saidi Tanga

Ndugu Mussa, hilo ni jambo jingine. Badilisha sindano kwanza, ikipinda ncha huanza kuruka. Ukifika kwenye unene, mguu wa cherehani huinama nyuma. Weka kipande cha jinzi kilichokunjwa chini ya kisigino chake ili ukae sawa, halafu zungusha gurudumu kwa mkono mishono minne mitano. Ukikwama anzisha mada yako, nitakuja.

Bi Leso

Mwanangu wa Tabata, Mungu amrehemu mamako. Mimi niko Mombasa, kwetu twaita leso, na nimeshona viraka tangu nikiwa kigori.

Nataka nikwambie jambo, kwani wengi hawalijui. Hiyo leso yenyewe asili yake ni kuunganisha vipande. Zamani hapa pwani wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vya mraba, vilivyokuja vikiwa jora, wakakata sita, wakavishona vitatu kwa viwili kufanya vazi moja. Ndipo wenye maduka wakaona bora kupiga chapa nguo nzima. Jina leso lilitoka kwa Wareno. Kwa hivyo usijione umeivunjia heshima nguo ya mamako kwa kuitia kwenye koti.

Kuhusu kwapa, fundi wa Tanga asema kweli. Tazama kanzu. Mwanamume avaa kanzu akachinja, akapanda mnazi, akaswali, na haichaniki kwapani. Kwa nini? Kwa sababu ya kikwapa. Ni kile kipande kidogo cha mraba kinachotiwa chini ya mkono. Mtilie mdogo wako vikwapa viwili kwenye koti, mkono utapanda bila kuvuta mgongo.

Fundi Saidi Tanga

Shikamoo Bi Leso. Hilo ndilo nililokuwa naliendea, umenisaidia.

Dada, kata miraba miwili ya jinzi, sentimita 10 kwa 10. Ukitoa akiba ya sentimita moja kila upande inabaki 8. Fumua mshono wa ubavu sentimita 8 kushuka kutoka kwapani, na mshono wa chini ya mkono sentimita 8 kuelekea kiganjani. Utapata mwanya mrefu. Mraba unaingia kama almasi: pembe moja inaelekea kwenye mkono, moja ubavuni, na zile mbili zinakaa penye mshono unaounganisha mkono na koti, mbele na nyuma. Kwenye kila pembe simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, inua mguu, geuza, endelea. Ukikosea hata milimita mbili hapo utapata tundu, kwa hiyo kwenye pembe shona kwa mkono kwanza.

Tumia jinzi iliyovaliwa sana kwa vikwapa. Iliyo ngumu itamchubua.

Mshonaji Kampala

Mimi naona mmesahau kitu. Jinzi nyingi za mitumba siku hizi zinavutika. Huku kwetu soko la Owino ukinunua kumi, saba zinavutika. Ukiunganisha kinachovutika na kisichovutika, lazima kisichovutika kichanike. Dada, tafuta kibandiko kwa ndani. Huku tunao jamaa wa Buzigahill wanaokata nguo za mitumba na kuzishona upya kuwa nguo nyingine. Nawe chagua vipande vinavyolingana.

DadaWaTabata

Nimetafuta. Iliyokolea imeandikwa pamba asilimia 100. Iliyopauka ni pamba 98 na elastini 2. Lakini iliyopauka iko kushoto. Palipochanika ni kulia, kwenye ile ngumu.

Fundi Saidi Tanga

Ndugu wa Kampala, hapo inategemea mshono unakwenda upande gani. Jinzi hizo huvutika kwa upana wa mguu, kwa urefu hazivutiki. Dada amesimamisha vipande vile vile vilivyokuwa kwenye suruali, kwa hiyo mshono wa pembeni unakwenda urefu na jinzi inavutika kuelekea ubavuni. Ikivutika hivyo inaipunguzia kanga mzigo. Huenda ndiyo maana kushoto kumesalimika, ingawa kule pia kanga ni nzito zaidi, kwa hiyo siwezi kuapa.

Hatari unayoisema ipo pale mshono unapofuata mvutiko. Mfano kile kipande cha mabegani kingekuwa cha jinzi inayovutika na kimelala, kingevutika kwa upana huku kanga chini yake imekaza. Hapo ungekuta kanga imechanika juu. Dada, mabegani umeweka ipi?

DadaWaTabata

Ile ngumu. Alhamdulillah.

Mwanafunzi wa Nguo

Naomba kuchangia kuhusu kitambaa cha nyuma. Huko India, jimbo la Karnataka, kuna jamii ya Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao wamekaa kule karne nyingi. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka kwa nguo kuukuu, wanayaita kawandi. Hawaunganishi kiraka kwa kiraka. Wanatandika kitambaa kimoja kizima chini, kisha wanaweka viraka juu yake kimoja kimoja, wanakunja ukingo kwa vidole na kushona kwa bandi, ule mshono wa mkono wa kuzama na kuibuka, inayopita tabaka zote. Wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Pembeni kila kona huongezwa kiraka kidogo wanachokiita ua kwa lugha yao.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye kawandi hakuna mshono unaobeba mzigo peke yake. Viraka vimeshikwa na mamia ya mishono kwenye kitambaa cha chini, na hicho cha chini ndicho kinachovutwa. Kwa kanga iliyochakaa ningefanya hivyo: shuka kuukuu la pamba nyuma, na bandi mgongo mzima.

Fundi Saidi Tanga

Hapa nilikuwa na njia nyingine. Mimi hukata kitambaa cha nyuma kikiwa chembamba kuliko cha juu kwa sentimita moja, 35 kwa hii ya 36, na kuvishika pamoja ukingoni tu. Ukivuta, cha nyuma kinakaza kwanza na cha juu kinabaki kimelegea kidogo. Kanga ikiwa nzima ningeshikilia njia yangu, kwa sababu haitoboi mji. Lakini kanga inayopitisha mwanga itazidi kukatika yenyewe hata bila kuvutwa, kwa kufuliwa tu. Hii inahitaji kushikwa kote. Nakubaliana na mwanafunzi.

Ila piga bandi ya kushikiza kwanza kutoka katikati kwenda nje, kama jua linavyotoa miale. Usipofanya hivyo kitambaa kitajikusanya katikati.

Kurudishia kipande: sindano namba 14, mshono wa milimita 3 na nusu, mistari miwili tu. Hesabu yake ni kama matundu sita kwa sentimita badala ya kumi na tano. Uzi wa kawaida, ule mnene wa jinzi uuache. Nataka siku ikizidiwa, uzi ukatike kabla ya kanga. Uzi nashona tena dakika tano, kanga ya mama hainunuliwi.

Kadeti wa Manzese

Nimejifunza kuhusu matundu, sikuwahi kuhesabu. Lakini stifu mnaikataa kwa nini?

Fundi Saidi Tanga

Kwenye kola inafaa, kola haivutwi. Kwenye mgongo gundi huachia kwa mafuo kadhaa, inafanya malengelenge, na pale stifu inapoishia kanga hupata ukingo mgumu wa kukunjikia. Itachanika hapo.

Bi Leso

Na akiba mwailaza wapi? Mimi hulaza upande wa leso. Jinzi ikilala bapa chini ya leso mshono hauvimbi.

Fundi Saidi Tanga

Bi Leso, mimi hulaza upande wa jinzi. Nakubali inavimba, nagonga kwa nyundo juu ya ubao. Lakini mstari wa juu unapita kwenye jinzi na leso haiongezewi matundu.

Bi Leso

Ukivimba wasugua mgongo, na leso yasugulika ukingoni. Miaka arubaini nimelaza kwenye leso.

Fundi Saidi Tanga

Sitabishana na miaka arubaini. Dada achague.

DadaWaTabata

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nieleze nilivyofanya.

Nilifumua kipande cha kanga kulia, kushoto na chini, nikaacha juu kimeshika. Kufumua mistari mitatu ya mishono ya milimita 2 kulinichukua jioni mbili kwa wembe, maana nilikata kila mshono wa tatu kwa upande wa jinzi na kuvuta uzi taratibu. Kabla ya hapo nilipitisha kitambaa cheupe kibichi kwenye jinzi iliyokolea na kikatoka na bluu, kwa hiyo nililisuuza koti lote kwa maji baridi mara nne. Ukingoni mwa kanga tayari palikuwa na kivuli cha bluu ambacho sikukiona mwanzo. Hakijatoka.

Nyuma nimeweka shuka letu la zamani la pamba. Palipochanika nimesogeza kingo mbili zikagusana bila kupandana, kisha bandi kwa mkono, uzi mwekundu wa pamba, mistari ya kulala iliyoachana nusu sentimita. Nimevuka mpasuko hadi kwenye kanga nzito. Jina sikulitoboa, bandi imelizunguka.

Vikwapa vimeingia. Cha kushoto kimekaa vizuri. Cha kulia pembe ya nyuma ina kitundu, nimekiziba kwa mkono.

Akiba nimelaza kwa kanga, kama Bi Leso alivyosema. Kwa mkono nilihisi inalala vizuri zaidi.

Tatizo moja. Mji umefanya kipovu juu ya jina, kama ukubwa wa yai. Nilifuata kawandi nikaanza ukingoni nikazunguka, na ile bandi ya miale niliiruka kwa kuona shuka limelala sawa.

Mwanafunzi wa Nguo

Pole dada, kosa langu. Kawandi hujikunja kidogo na kwenye blanketi huo ndio uzuri wake. Kwenye mgongo wa koti nilipaswa kukwambia uanze katikati.

Fundi Saidi Tanga

Usifumue yote. Fumua mizunguko mitatu ya ndani tu, bana kipovu kwa vidole uone ziada ni kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu sentimita, nyunyiza maji, nyoosha, kitambaa kitajipokea. Ikizidi, fumua hadi ukingo wa karibu uisukume ziada itokee hapo.

Na mistari yako ya kulala, yote imeishia sehemu moja?

DadaWaTabata

Ndiyo, nimeimaliza sawa ili ipendeze.

Fundi Saidi Tanga

Hapo nisikilize. Mistari yote ikiishia pamoja umetengeneza ukingo mpya, na kanga itakunjikia hapo. Rudi uiongeze, mmoja sentimita moja, unaofuata mbili, mwingine usiuguse, iwe kama meno ya kitana yaliyovunjika. Kwa nje itaonekana kama mwali wa moto, na uzi wako ni mwekundu.

Bi Leso

Na ukimaliza mwambie mdogo wako alifue kwa mkono, ndani nje, na alianike kivulini. Yule kijana wa daladala abadilishe na mkono wa kushoto siku moja moja.

DadaWaTabata

Ni binti Bi Leso, na nitamwambia. Ziada ya kipovu nimepima, ni milimita 4. Nimenyunyiza maji, nimeitandika juu ya meza chini ya kitabu kizito. Kesho asubuhi naanza kuongeza mistari.